Asali vijiko vitatu, jina zima asali: maongezi na wenye migahawa kuhusu majina ya kwenye menyu

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana wa jikoni mambo vipi. Nimepewa nusu saa ya kuongelea majina ya kwenye menyu, nimeona nisitawanyike, ntachukua kinywaji kimoja tu, jagi moja la lita tano, tulichambue mpaka chini, afu ya kuku na samaki yatafuata yenyewe maana ugonjwa ni uleule.

Mgahawa wenyewe siutaji, wala si wa hapa. Mwenye mgahawa ni mzee mmoja anapika vizuri mno, ana kinywaji chake ambacho watu wanatoka mbali kuja kukinywa, akaniita nimsaidie kuandika menyu mpya. Kwenye ile menyu yake ya zamani kinywaji kilikuwa kinaitwa "Juisi ya Asali na Tangawizi, Detoksi ya Pwani". Jina limekaa vizuri mdomoni, silikatai. Nikamwambia mzee naomba tuingie jikoni nione kinavotengenezwa, mi kazi ya majina siifanyii mezani.

Jikoni mambo yalikuwa hivi. Ukwaju nusu kilo, umelowekwa usiku kucha, asubuhi unavurugwa kwa mkono na kuchujwa. Tangawizi gramu 120 hivi, inatwangwa kwenye kinu, haisagwi kwenye blenda, na hapo mzee yuko serious kwelikweli. Iliki punje kumi. Maji lita nne na nusu. Sukari gramu 450, na mwisho kabisa asali vijiko vitatu vya chakula vinamwagwa juu, jagi linakorogwa, linaingia kwenye friji.

Sasa piga hesabu na mimi. Vijiko vitatu vya asali ni kama gramu 60. Jagi hilo linatoa glasi 16 za mililita 300. Gramu 60 gawa kwa 16 unapata gramu nne kasoro kwa glasi, yaani nusu kijiko cha chai na kidogo. Ndani ya ukwaju mchachu na tangawizi ya kutwanga hiyo asali huisikii hata ukiambiwa ipo, nilimpa weita wake aonje glasi mbili, moja ina asali nyingine haina, akashindwa kusema ipi ni ipi, na huyo ndo anauza kila siku.

Kwa hiyo tuna kinywaji ambacho kinachotia uchachu ni ukwaju, kinachotia utamu ni sukari, na jina linasema asali. Ukwaju wenyewe, ambao ndo roho ya kile kitu, kwenye jina haupo! Nikamuuliza mzee kwa nini, akasema ukwaju kila mtu anauza, asali ina heshima. Na hapo ndo kwenye tatizo la majina karibu yote niliyowahi kukutana nayo, mtu anatoa kwenye jina kile kitu alichonacho tele anaweka kile chenye heshima alichokinyunyiza.

Mtu atasema si ipo lakini, kidogo ipo, hajadanganya. Sikiliza mlaji anavosoma. Mama mmoja kaambiwa na daktari apunguze sukari, anaona asali, anasema afadhali hii. Anakunywa. Ndani ya ile glasi ukijumlisha sukari na asali kuna kama gramu 30 za sukari, zaidi ya vijiko saba vya chai, ambayo kwa kiasi kilekile cha kinywaji ni sawasawa na soda. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2015 linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia kumi ya nguvu mtu anayopata kwa siku, na kama unaweza ushuke mpaka chini ya asilimia tano ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Na asali, wapenzi wa asali msinipige, iko kwenye hesabu hiyohiyo ya sukari. Kwa hiyo glasi moja ya "Detoksi ya Pwani" imeshamaliza siku ya yule mama na ziada juu. Hilo neno detoksi mi nalifuta kwenye menyu bila hata kubishana na mtu, maini na figo ndo kazi yake hiyo, jagi halina uwezo huo.

Afu kuna sheria, ntapita haraka tu. Huku kwetu Tanzania Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kufanya jambo la kumpotosha mteja, wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya vyakula na dawa, ile Sura ya 254, inayokataza kuuza au kutangaza chakula kwa namna ya uongo au ya kupotosha. Haisemi ni pakiti za dukani tu. Menyu ukutani nayo ni tangazo.

Sasa wajanja wana jibu moja nalisikia kila mahali, "aa mi jina naweka la kuvutia, chini yake kwa herufi ndogo naandika vilivyomo vyote, nimeshajitoa." Kuna kesi nzuri sana ya hilo. Ujerumani kampuni ya Teekanne ilikuwa inauza chai ya matunda, jina linataja rasiberi na vanila, boksi lina picha za rasiberi na maua ya vanila, na maneno kwamba viungo vyote ni vya asili. Ndani hakukuwa na rasiberi wala vanila, kulikuwa na fleva za asili zenye ladha ya hivyo vitu. Na orodha ya viungo ubavuni mwa boksi ilikuwa ya kweli kabisa, hakuna kilichofichwa. Chama cha kutetea walaji kikaenda mahakamani, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Ulaya, na mwezi wa sita 2015 mahakama ikasema orodha kuwa sahihi haitoshi, kama jina na picha vimeshampa mtu wazo la uongo orodha inaweza isilifute. Sheria za Ulaya hazituhusu hapa, ila mantiki yake inatuhusu sana, maana mlaji wa kwetu hata hayo maandishi madogo hasomi, anasoma jina, anaangalia bei, anaita weita.

Basi tukarudi kwa mzee. Nikamwambia una njia mbili, ubadilishe jagi au ubadilishe jina.

Njia ya kwanza tuliijaribu kweli, siku nzima. Tukashusha sukari mpaka gramu 200, tukapandisha asali mpaka gramu 250. Na kuna makosa mawili watu wanafanya kwenye asali. La kwanza wanaimwaga kwenye maji ya moto yanayochemka, ile harufu yote inapaa na mvuke, inabaki tamu tu kama sukari, hela umetupa. Asali inaingia maji yakiwa vuguvugu, ukiweza kutia kidole bila kuruka. La pili ni kuchagua asali nyepesi ya rangi ya maji ya kunde, ukwaju unaimeza. Tulichukua ile nyeusinyeusi nzito ya misitu ya miombo, ya upande wa Tabora huko, hiyo ina ukali wake, ukwaju haukuiweza. Weita akaonja, safari hii hata kabla hajameza akasema hii ndo ya asali.

Gharama je? Watu wanaogopa kabla hawajahesabu. Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo moja na gramu 400, kwa hiyo gramu 250 haifiki hata mililita 200. Tuseme unanunua lita kwa shilingi elfu 15, basi kwenye jagi zima umeweka asali ya kama 2,700, gawa kwa glasi 16 ni shilingi 170 kwa glasi. Mia na sabini! Kinywaji unauza elfu mbili na kuendelea. Hapo ukiandika "Ukwaju wa Tangawizi na Asali" hakuna wa kukunyooshea kidole, asali ipo, inasikika, na imezidi sukari. Ila sukari bado ipo, kwa hiyo usiandike "kwa asali tupu", hilo ni neno lingine na lina jagi lake lingine.

Mzee alitaka kuongeza "ya Tabora". Nikamuuliza unanunua kwa nani, akasema kwa kijana anapita na madumu. Huyo kijana anasema ni ya Tabora? Anasema. Wiki ijayo akileta nyingine? Kimya. Basi Tabora tukaiacha. Jina la mahali liweke kama una uhakika wa anayekuletea, si leo tu, mwaka mzima.

Mwisho wa yote mzee alichagua njia ya pili, tena kwa sababu ambayo sikuitegemea. Akasema wateja wangu wa zamani wamezoea ladha ileile, nikiongeza asali watasema nimebadilisha mpishi. Haki yake. Basi kama jagi linabaki jina linaondoka. Na hapo ndo tukaanza kazi ambayo mi naipenda, tukakaa nje na wateja wawili watatu tukawa tunawaangalia wanavokunywa. Kila anayepiga funda la kwanza anakunja sura hivi, jicho moja linafumba, afu anacheka, afu anarudi kwenye glasi. Kila mtu! Mpaka dada wa kaunta akasema hii iiteni "Mkunja Uso".

Ikawa hivyo. Kwenye menyu imeandikwa MKUNJA USO kwa herufi kubwa, chini yake mstari mmoja: "Ukwaju uliolala usiku kucha, tangawizi ya kutwanga, iliki na sukari. Baridi kali." Asali haimo kwenye maandishi kabisa, mzee anaendelea kutia vijiko vyake vitatu kwa mapenzi yake mwenyewe, na hilo weita anajua, akiulizwa anasema, maana kuna watu wanaoepuka asali kwa sababu zao, na mtoto chini ya mwaka mmoja haruhusiwi kupewa asali kabisa. Nilimshauri aiandike nayo akakataa, tukabishana, bado naona alitakiwa aiandike, neno moja tu hilo.

Ona lile jina limefanya nini. Halijataja kiungo hata kimoja, kwa hiyo haliwezi kudanganya kuhusu kiungo. Linataja kitakachokupata ukinywa. Na huo ndo upande wenye uhuru, ladha, moto, baridi, mlio, namna kilivopikwa, saa ya kukila, hapo chezea utakavo mradi ni kweli. Kutwanga, kulala usiku kucha, kuchoma kwa vifuu, kukaanga mpaka kulia, haya yote yanatamanisha kuliko jina la kiungo cha gharama. Kuna utafiti ulifanyika kantini ya Chuo Kikuu cha Stanford Marekani, ukachapishwa 2017, walikuwa wanapika mboga zilezile kwa namna ileile, wanabadilisha kibandiko tu, siku nyingine jina la kawaida, siku nyingine jina la mambo ya afya, siku nyingine jina la ladha lenye mbwembwe. Mboga zenye jina la ladha zilichukuliwa na watu asilimia 25 zaidi kuliko zenye jina la kawaida, na asilimia 41 zaidi kuliko zile zilizojinadi kwamba hazina hiki na zimepunguzwa kile. Kwa hiyo wale wa "detoksi" na "laiti" na "bila mafuta" mnajinyima wateja wenyewe, hapo wala sizungumzii dhambi, nazungumzia mauzo.

Haya, kuku. Hapa najua kuna watu watainama.

Kuku wa kienyeji kila menyu anapatikana, tena saa yoyote, tena kwa dakika 20. Wapendwa, kuku wa kienyeji aliyekomaa akilainika kwa dakika 20 huyo ana siri. Wengi wanaopika sa hivi ni chotara, Sasso na Kuroila, na mi chotara simdharau, ni kuku mzuri, ana nyama kuliko kienyeji na ana ladha kuliko broila. Ila mlaji aliyekulia kijijini akimshika anajua, mfupa wa kienyeji mgumu na mwembamba, nyama inang'ang'ania mfupa, supu ina mafuta ya njano juu. Akipewa paja kubwa laini hivyo anajua ameibiwa, na hasemi, anakula, analipa, harudi. Sasa jina gani? Andika chotara. Watu wanadhani litafukuza wateja, mi nimeliona likifanya kazi likiandikwa hivi: "Kuku Chotara wa Kupaka, kachomwa kwanza, kapakwa tui la ukwaju na pilipili." Umeona, neno chotara limepita kimya kabisa kwa sababu mate yameshajaa kwenye kupaka. Na kama una kienyeji wa kweli, basi jina liseme "oda mapema, saa moja na nusu jikoni", hiyo subira ndo tangazo lako.

Kwenye huyohuyo wa kupaka kuna nazi, na kwenye nazi kuna jambo ambalo wengi jikoni hawalijui. Tui la nazi ya kukuna kwenye mbuzi ni kitu kimoja, poda ya nazi ya pakiti ni kitu kingine. Poda nyingi zinatiwa maltodekstrini na protini ya maziwa inaitwa kaseini, hebu ukifika kazini geuza pakiti usome. Maana yake wewe umemwandikia mtu "samaki wa nazi", mwenye mzio wa maziwa akasoma akaona hapa niko salama, kumbe maziwa yamo. Jina halijasema uongo hata, nazi ipo! Ila limemfungia mlango wa kuuliza. Kwa hiyo ukitumia poda ya aina hiyo, mstari wa chini useme "ina maziwa". Na "nazi ya kukuna" usiandike mpaka kuna mtu jikoni anakuna, hilo neno limebeba jasho la mtu na watu wa pwani wanalilipia.

Ya samaki ntasema kidogo. Usiandike changu kama changu unampata siku tatu kwa wiki, siku zilizobaki utaweka samaki mwingine na kumwita changu, na mvuvi akija kula kwako ndo utajua. Andika "Samaki wa Leo wa Kupaka", kibao cha chaki mlangoni kinataja samaki gani. Na kuna kile kitu kidogo kwenye lugha yetu kinachotusaidia bure: pweza wa Pemba ametoka Pemba, pweza wa Kipemba amepikwa kama wanavopika Pemba. Uko Dodoma, pweza umemtoa Dar kwenye barafu, andika wa Kipemba, uko salama na bado inavutia. Urojo hivyohivyo, wa Kiunguja unaweza kuupika hata Mwanza.

Maembe nayo. Msimu mkubwa wa embe huku pwani ni kuanzia kama mwezi wa kumi na moja mpaka wa pili, menyu iliyotiwa laminesheni inasema "Juisi Freshi ya Embe" mpaka mwezi wa saba, ikifika huko ni sirapu na maji. Hata viwandani huko viwango vya kimataifa vya chakula vya Kodeksi vinatenganisha juisi na nekta, yaani tunda lililoongezwa maji, na nekta ya embe inatakiwa iwe na angalau asilimia 25 ya embe lenyewe. Je glasi yako ya mwezi wa saba inafika robo? Andika "Juisi ya Tunda la Msimu" na weita ataje la leo, hapo ukwaju, pasheni, nanasi, stafeli vyote vinapata zamu bila kuchapa menyu upya.

Sasa nije kwenye hili la bila pombe, maana hapa mtu unaweza kumuumiza kwa namna nyingine kabisa. Kuna kinywaji kinaitwa Dawa. Ukikaa kwenye mikahawa ya kahawa Nairobi ukaagiza Dawa unaletewa kikombe cha moto, ndimu, tangawizi, asali. Ukienda baa za kitalii, Nairobi hiyohiyo au Mombasa au Zanzibar, Dawa ni kokteli, ina vodka, ndimu, asali na barafu. Jina moja! Mteja Mwislamu au mtu aliyeacha pombe anasoma Dawa kwenye menyu yako atajuaje? Hili jina ukilitumia lazima jina lenyewe, si mstari wa chini, libebe tofauti, "Dawa ya Moto, ndimu na tangawizi", na kama unauza pombe pia basi zikae kurasa mbili tofauti. Na weita asikubali kusema inatibu mafua, jina tayari limeshachokoza huko, usiongezee.

Mojito bila pombe, sawa, wengi wanaelewa, ila nimeona jikoni mtu anatia esensi ya ramu ili "ifanane". Soma chupa. Esensi nyingi zimeyeyushwa kwenye pombe, hata vanila ile ya kweli Marekani kwa kanuni zao lazima iwe na pombe isiyopungua asilimia 35. Matone mawili hayalewishi mtu, ila wewe umeandika bila pombe na kuna mtu kwake matone mawili ni mengi, ndo aliyekuwa anamaanisha. Kama huwezi kuacha esensi, usiandike hayo maneno, iite "Mnanaa na Ndimu" uende zako.

Na togwa. Togwa changa ya leo ni kinywaji cha watoto. Ukiiacha kwenye joto letu hili siku zinavosogea inaendelea kuchacha na kilevi kinaanza kuingia. Jina haliwezi kukusaidia hapo, hapo ni tarehe kwenye ndoo na friji. Mi ningependa menyu iseme "Togwa ya Leo" na ikifika kesho uitoe, imwagwe au iende kwa wanaoitaka hivyo wakijua.

Kabla hujachapa jina lolote kuna kipimo kimoja nakifanya, hakina gharama. Chukua watu watano wasiojua jiko lako, bodaboda wa nje, muuza vocha, dada wa saluni ya pembeni, wasomee jina tu, waulize "unadhani humu kuna nini na kipi ni kingi?" Andika majibu. Afu weka pembeni ya risipi yako halisi. Yule mzee wa Mkunja Uso tulifanya hivi na jina la zamani, wanne kati ya watano walisema asali ni nyingi kuliko sukari, mmoja akasema haina sukari kabisa, na hakuna hata mmoja aliyetaja ukwaju. Tukafanya na jina jipya pamoja na mstari wake, wote wakataja ukwaju kwanza. Kama watu watatu na kuendelea wanataja kitu ambacho hakimo au ni cha kunyunyiza, jina limekufa hilo, usilionee huruma.

Na baada ya kuchapa, msikilize weita. Weita akisema "lakini" kila anapouza kitu fulani, "ni kienyeji lakini chotara kidogo", "ni freshi lakini ya sirapu", basi menyu ndo inayomsumbua, sio mteja. Tegea sikio wiki moja tu utazipata zote.

Haya maswali. Naam dada... anauliza kama nikiandika kila kitu si naibiwa risipi yangu? Swali zuri, na wengi ndo wanalojificha nyuma yake. Siri ya Mkunja Uso haiko kwenye orodha, mmeshaijua yote leo na bado hamtaweza kukitengeneza kama mzee, kwa sababu siri ni ukwaju gani ananunua, analoweka kwenye maji ya joto gani, na tangawizi anaitia saa ngapi, na hivyo hata mimi hakuniambia. Vipimo na mbinu ni mali yako, fungia. Ambavyo huna ruhusa ya kufungia ni karanga, korosho, ufuta, maziwa, mayai, ngano, soya, samaki, kamba na jamii yake, pombe, na nyama ya mnyama gani. Mtu ana shake yake ya tende inaitwa jina zuri la machweo sijui ya wapi huko, ndani ameficha korosho ya kusaga kwa ajili ya uzito, nikamwambia kaka iandike korosho, akasema ndo siri yangu. Nikamwambia basi siri yako itafute kwenye aina ya tende, korosho iandike leo kabla hujafunga.

Nani mwingine? Baba wa pilau, karibu.